Maswali ya kudurusu tamthilia ya Nora: nilivyorekebisha mwongozo wangu wa kusahihisha

Tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879, ile ya Nora na nyumba yake ya mwanasesere, ilipokuwa kitabu teule cha KCSE, niliwatungia wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne maswali ishirini ya kudurusu. Niliyagawa sehemu nne: msuko, wahusika, dondoo na maelekezo ya jukwaani. Mwongozo niliuandaa jioni moja, nikiwa na nakala yangu pekee mezani.

Mzozo ulianzia kwenye swali la tatu: Nora alimkopa Krogstad kiasi gani cha fedha? Mwongozo wangu ulisema pauni mia mbili na hamsini. Binti mmoja aliyepata sufuri akaniletea kitabu chake akiwa amekifungua tayari. "Mwalimu, changu kinasema kroni elfu nne na mia nane." Alikuwa sahihi. Ibsen aliandika kwa lugha ya kwao, na kila mfasiri ana namna yake ya kutaja fedha. Hata mchukuzi anayeleta mti wa Krismasi mwanzoni hulipwa sarafu tofauti kutegemea nakala uliyo nayo.

Nililifuta swali lile nikaweka jingine lisilotegemea tafsiri: Krogstad alijuaje kwamba saini ya babake Nora ilighushiwa? Jibu: saini iliyo kwenye hati ya mkopo ina tarehe 2 Oktoba, na mzee alifariki 29 Septemba. Alama moja kwa tarehe zote mbili, moja kwa kueleza kwamba maiti hatii saini siku tatu baada ya kufa. Aliyeandika tu "saini ilikuwa ya uongo" hakupata kitu, kwa sababu hilo limo tayari ndani ya swali.

Dondoo nazo nilizirekebisha hivyo hivyo. Awali nilikuwa nikikata alama mwanafunzi akikosea neno. Sasa natoa dondoo kwa maana yake: mtu mmoja anasema hakuna mwanamume anayetoa heshima yake kafara kwa ajili ya ampendaye, na mwenzake anajibu kwamba maelfu ya wanawake wamefanya hivyo. Nani anamwambia nani, na lini? Jibu: Torvald anamwambia Nora, mkewe, naye Nora anamjibu, katika Tendo la Tatu, wakiwa wameketi kuzungumza kwa dhati kwa mara ya kwanza tangu waoane. Alama ya mwisho niliiweka kwa atakayekumbuka kwamba Nora alikuwa akingojea muujiza, yaani mumewe ajitwike kosa lake la kughushi saini, na kwamba Torvald alipoisoma barua ya kwanza ya Krogstad, iliyofichua kosa hilo, alimgeukia kwa matusi. Bila hilo, dondoo linakuwa ugomvi wa mume na mke tu.

Sehemu iliyoniumiza zaidi ilikuwa maelekezo ya jukwaani. Wengi waliiacha wazi kabisa. Walikuwa wakisoma mazungumzo na kuyaruka maandishi ya mlazo, wakiyadhani ni ya waigizaji. Basi kipindi kizima nilikitumia kwa ukurasa mmoja, mwanzo wa Tendo la Pili. Mti wa Krismasi umesimama kwenye kona karibu na piano, umevuliwa mapambo, mishumaa imeteketea ikabaki vishina. Nora yuko peke yake, anatembea huku na huko. Nikauliza: kabla hajasema neno, tumekwisha kujua nini? Mvulana mmoja akasema, "Sherehe imekwisha, na yeye amebaki kama mti." Nililiandika jibu lake kwenye mwongozo kama lilivyo.

Swali lililotenganisha waliosoma na waliosimuliwa lilikuwa la mwisho: tamthilia inapofungwa, nani yuko jukwaani na tunasikia nini? Karibu nusu ya darasa waliandika kwamba Nora anaubamiza mlango mbele ya mumewe kwa hasira. Sivyo. Nora amekwisha kutoka. Torvald anaanguka kitini karibu na mlango, uso viganjani, anamwita, anatazama chumba kitupu. Kisha tumaini linamjia ghafla, anataja lile jambo la ajabu kuliko yote ambalo Nora alilitaja kabla ya kuondoka, na hapo ndipo mlango wa nje unasikika ukifungwa kutoka chini. Mpangilio huo ndio jibu, kwa hiyo nilitoa alama tatu: Torvald peke yake, tumaini lake, kisha sauti kutoka chini. Mwenye kugeuza mpangilio alipoteza moja, maana tumaini likija baada ya mlango kufungwa, tunabaki na Torvald mwingine kabisa.

Nilipowapa maswali mapya wiki mbili baadaye, niliongeza moja dogo la pini ya nywele iliyovunjikia kwenye kitasa cha sanduku la barua. Torvald anaikuta, Nora anawasingizia watoto. Safari hii hakuna aliyeiacha sehemu ya nne wazi.