Kwa Nini Tatu Hakumkanyaga Nyoka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita mtoto wa miaka saba alinifunga mdomo mbele ya darasa zima, na swali lake halijanitoka wiki nzima. Nilikuwa nawasimulia watoto hadithi niliyoitunga kutokana na mambo ya bibi yangu kule Muheza. Naiweka hapa kama nilivyoisimulia, kisha mtaona nilipokwama.

Tatu alikuwa na bibi mwenye mchezo wa ajabu. Jioni, watoto wakipita uani, bibi alikuwa ameshatupa kipande cha kamba ya katani mahali wasipopatarajia, kando ya mtungi au chini ya kamba ya nguo. Akiona mtoto amekaribia, anaita, "Nyoka!" Mtoto anatakiwa asimame pale pale, asiinue hata kisigino, aangalie kamba iko wapi. Kisha arudi nyuma nyuma, pole pole, kwa njia ile ile aliyojia, huku akiita mtu mzima. Akifika mbali, ndipo akimbie. Aliyeruka au kupiga kelele za hofu alirudishwa mwanzo, na wenzake wakamcheka. Bibi aliongeza neno moja: "Ukiona ameinuka na shingo imetanuka, usimkodolee macho. Funika uso na kanga yako."

Siku moja magharibi bibi yuko kanisani kwenye ibada ya jioni, mama yuko jikoni. Tatu akaenda kufungia kuku. Kuku hawakuingia bandani, wamejikusanya kwenye pembe moja wanalia. Akageuka kwenye lundo la kuni, na hapo, kama hatua tatu mbele yake, swila akainua kichwa.

Tatu hakukumbuka maneno. Miguu ndiyo iliyokumbuka: ilisimama. Shingo ya yule nyoka ikatanuka, na mkono wa Tatu ukavuta kanga usoni. Akasikia kitu kama mate yanapigwa kwenye nguo. Akarudi nyuma, hatua moja, ya pili, akiita, "Mama! Uani kuna nyoka!" Tone moja lilikuwa limepenya jicho la kushoto, likimwasha kama pilipili. Mama akamkamata mikono asijisugue, akamlaza ubavu, akamwagia maji safi kwenye jicho, kata baada ya kata, kwa muda mrefu, hata jirani akauliza kama wanataka kuyamaliza maji yote. Wakampeleka hospitali usiku ule ule. Jicho likapona. Nyoka naye alikuwa ameshajipenyeza kwenye kuni, akaenda zake.

Hapo ndipo yule mtoto aliponyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini Tatu hakumkanyaga?"

Kosa ni langu. Mwezi uliopita niliwakaririsha Zaburi ya 91, na mstari walioupenda kuliko yote ni ule wa 13: "Utawakanyaga simba na nyoka." Waliuimba huku wakipiga miguu sakafuni! Nami nilipiga miguu pamoja nao. Sasa namweleza mtoto huyu kwamba msichana mwema katika hadithi yangu alirudi nyuma? Nilimwambia, "Tutaliangalia Jumapili ijayo," lile jibu la walimu tuliokwama.

Jumatano usiku nikafungua Mathayo 4. Shetani anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamnukulia zaburi hii hii, mstari wa 11 na wa 12: malaika watakuchukua mikononi mwao, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Anaishia hapo. Mstari unaofuata ndio wa kukanyaga nyoka, na nyoka yule wa zamani hakuugusa. Nilicheka peke yangu. Lakini jibu la Yesu likanikata kicheko: "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Ahadi ilikuwa ya kweli, na bado hakujitupa. Mtajibu kwamba Paulo kule Malta alimkung'utia nyoka motoni asidhurike. Ndiyo, lakini Paulo alikuwa anaokota kuni. Hakwenda kumtafuta nyoka ili aonyeshe imani yake.

Nilidhani tafakari itaishia hapo. Lakini kuna jambo nimelificha miaka mingi.

Mdogo wangu aliumwa mguuni akiwa na miaka kumi na mmoja. Usiku, njia ya shambani, hana tochi. Alikuwa kifutu, nyoka mnene, mvivu, anayelala juu ya majani makavu usimwone. Wengine wakisikia vishindo hukimbia, lakini yeye hutulia akitegemea rangi yake, mpaka umkanyage. Mimi ndiye niliyemfunga mguu kwa kipande cha kanga, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Mtu mzima mmoja akachanja kwa wembe, akabandika jiwe jeusi. Tukakesha tukiomba. Mguu ukavimba, ukawa mweusi, na asubuhi bado tukasema, "Tuvumilie, Mungu anafanya kazi." Tulifika hospitali siku ya pili mchana. Alipona, ila vidole viwili vilikatwa. Daktari alinieleza kwa upole kwamba sumu ya kifutu inaharibu nyama pale ilipoingia, na mtu akikaza kamba anaizuia damu isifike na sumu anaibana pale pale. Ilitakiwa atulizwe, avuliwe viatu, mguu ufungwe kwenye ubao usichezecheze, abebwe badala ya kutembea, na safari ianze mara moja kuelekea kwenye sindano ya dawa ya sumu ya nyoka.

Kwa hiyo niwaseme, na ninajisema mwenyewe kwanza. Tuache kutoa ushuhuda wa jiwe na wa mafuta ya upako kwa habari ya nyoka. Wakati mwingine nyoka mwenye sumu huuma asitie sumu. Aliyeumwa hivyo atapona hata ukimbandikia ganda la ndizi, na Jumapili tutasimama kumtukuza Mungu kwa jiwe. Anayefuata, aliyetiwa sumu kweli, anasikia ushuhuda ule na kubaki nyumbani. Nani atajibu kwa ajili yake? Mimi sijasema tuache kuomba. Ombeni juu ya bodaboda, mgonjwa akiwa katikati ameshikwa. Ombeni kwenye foleni ya hospitali. Dhambi yetu usiku ule ilikuwa kukaa, tukakuita kukaa kule imani.

Bibi yangu hakujua kusoma. Kumbukumbu la Torati 6 aliisikia tu ikisomwa kanisani, kwamba watoto wafundishwe uketipo nyumbani na utembeapo njiani, naye akaifanya kwa kipande cha kamba. Sisi tuna Biblia kwenye simu, na watoto wetu wanajua kupiga miguu sakafuni.

Jumapili hii nitaomba radhi darasani. Zaburi ya 91 tutaisoma tena, safari hii na Mathayo 4 kando yake, halafu nitatupa kamba chini ya benchi. Na jana nilihamisha lundo la kuni lililokuwa limeegemea ukuta wa jikoni kwangu, nikatumia ufito mrefu kuzivuta moja moja kabla ya kuzishika. Panya watatu walitoka mbio. Nilijua basi nani mwingine angewafuata.