Maji kujaa yalivyovimbisha mawimbi Bagamoyo

Nguzo yetu ufukweni ina alama za rangi kila sentimita 20, na kutoka kwenye video ya kamera isiyosogea nasoma kimo cha maji kila nusu sekunde. Hesabu ilitoa mawimbi ya sentimita 43, makubwa kuliko yaliyoonekana.

Kumbe maji ya bamvua yalikuwa yanajaa: kwa dakika 20 usawa ulipanda sentimita 25, nako kukahesabiwa kama wimbi. Nikapitisha mstari mnyoofu katikati ya vipimo, nikautoa. Mkengeuko sanifu, yaani jinsi vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani, ukashuka kutoka sentimita 10.8 hadi 8. Kimo cha mawimbi hukadiriwa kwa kuuzidisha mara nne, basi sasa ni sentimita 32 badala ya 43.

Maji yalivuka mstari huo kwenda juu mara 240 kwa sekunde 1,200, basi kipindi cha wimbi moja ni sekunde 5. Maji yanayoruka wimbi likigonga nguzo siyasomi kabisa.