Mkutano wetu wa WhatsApp ulikataliwa na benki: hivi ndivyo nilivyoutengeneza

Nianze na wale walionishauri vibaya kuhusu kufanya mkutano wa kampuni kwa video, maana hasira yao bado ninayo. Mmoja, mzee wa heshima pale mtaani kwetu Bel-Air, aliniambia: «Mama, katiba haikatazi mkutano wa video, na kisichokatazwa kimeruhusiwa.» Nikamuuliza katiba gani. Akanitajia Katiba ya nchi! Mwingine alinitumia habari ya Kenya, kwamba Aprili 2020, wakati wa korona, Mahakama Kuu ya kule iliruhusu kampuni za soko la hisa kukutana mtandaoni. Vizuri kwao. Kenya yetu sisi wa Lubumbashi ni komini yenye soko, ambako ndiko tuna depo yetu ya unga wa mahindi. Jaji wa Nairobi hatuamulii kitu. Sisi Wakongo tuko OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na kampuni zinaongozwa na Sheria ya Pamoja ya umoja huo, iliyopitiwa upya Januari 2014.

Kampuni yetu ni SARL, yaani kampuni ya dhima yenye kikomo, ndogo ya kindugu, hisa 100. Mimi ndiye meneja, nina 30. Shangazi yangu, jirani wa hapa hapa, ana 15. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, wa Kinshasa ana 25, shemeji wa Brisele, Ubelgiji, ana 20, na binamu wa Kolwezi ana 10. Machi tulitaka kupitisha hesabu za mwaka na kukopa pesa za kununua lori. Nikaona nauli za ndege za nini? Tufanye kwa video.

Nilijisifu sana siku ile. Niliandika kwenye grupu la WhatsApp: «Jumamosi, saa nne asubuhi, mkutano mkuu.» Sasa hesabu mwenyewe. Saa nne ya Lubumbashi ni saa tatu ya Kinshasa. Yaya alifungua simu saa nne yake, akatukuta tunakunywa soda, kura tumeshamaliza. Akasema, «Basi naunga mkono,» nami nikamwandika kwenye PV, yaani kumbukumbu za mkutano, kana kwamba alikuwepo tangu mwanzo. Kwa shemeji ilikuwa aibu zaidi. Picha ilifunguka, nikaona kijana wake wa miaka kumi na saba kwenye kochi: «Tantine, papa yuko kazini, amesema anakubali.» Nikaandika hisa 20, ndiyo. Binamu wa Kolwezi hakujibu kabisa. Nikajumlisha: 90 kwa 100. Niliona nimeshinda uchaguzi.

Mwanasheria wa benki alisoma PV yangu dakika tano hivi. Akaomba statuti, yaani katiba ya kampuni, akazipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Kisha akachora mstari chini ya majina mawili, langu na la shangazi: «Waliokuwepo ni hawa. 45.» Kwa maamuzi ya kawaida kama haya ilitakiwa zaidi ya nusu ya hisa zote, yaani angalau 51. Lori likaishia hapo.

Akanionyesha ibara ya 133-2 ya ile Sheria ya Pamoja. Inaanza na maneno madogo sana: statuti zikisema hivyo. Mwanahisa aliye mbali anahesabiwa kuwa yupo, kwa akidi na kwa kura, pale tu statuti zimeruhusu video au njia nyingine ya mawasiliano inayowezesha kumtambua. Zetu tulikuwa tumenakili kutoka kwa kampuni ya rafiki. Zilisema mkutano unafanyika makao makuu, basi. Yule mzee wa kisichokatazwa alikuwa ameisoma sheria kichwa chini: hapa ukimya wa statuti ni hapana.

Kulikuwa na kosa la pili ambalo mwanasheria alinipa kama nyongeza. Barua ya mwito inatakiwa ifike siku 15 kabla, kwa mkono na sahihi ya mpokeaji, kwa barua ya rejista, kwa faksi au kwa barua pepe. Barua pepe yenyewe haifai mpaka mwanahisa awe amekubali kwa maandishi na kutoa anwani yake. Ujumbe wa grupu haumo. Kwa hiyo binamu wa Kolwezi, kama angetaka, angeweza kuomba mkutano ufutwe.

Kulikuwa na njia ya mkato: kuita mkutano mara ya pili, ambapo wingi wa kura zilizopigwa unatosha, na zile 45 zetu zingepita. Nilikataa. Kumkopea yaya lori bila sauti yake ni kutafuta vita vya familia.

Hapa ndipo akili ilipofanya kazi, na niruhusiwe kujisifu. Kuruhusu video lazima ubadilishe statuti, na kubadilisha statuti kunahitaji robo tatu ya hisa, yaani 75. Sasa utapigaje kura ya kuruhusu video, na wenye kura wako mbali, na video haijaruhusiwa? Nililala nalo siku mbili. Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya zamani kabisa: prokirasio, yaani kumpa mwingine kwa maandishi haki ya kukupigia kura. Mwanahisa anaweza kuwakilishwa na mwanahisa mwenzake, mradi wasiwe wawili tu katika kampuni. Yaya alimpa shangazi, akaituma karatasi yenye sahihi kwa abiria wa ndege. Shemeji alinipa mimi, kwa posta ya haraka iliyomla pesa, akalalamika wiki nzima. Binamu nilimpelekea barua ya mwito mkononi kupitia dereva, akasaini kupokea.

Siku ya mkutano, Mei, binamu alishuka kwenye basi la Kolwezi na kiroba cha viazi, akaketi, akapiga kura ya hapana. Ikawa 90 kwa 10. Hapana yake ilinifaa kuliko alivyodhani: wote walikuwepo au wamewakilishwa, na hapo mlango wa kufuta mkutano kwa sababu ya mwito mbovu hufungwa.

Kifungu tulichoongeza ni kifupi. Kinataja video au simu. Kila mmoja hutaja jina, hisa zake na namba iliyo kwenye barua yake ya mwito (hii ni kwa ajili ya kijana wa kochi). Kura ni kwa sauti, mmoja mmoja. Na mtandao ukikatika, PV iseme. Tukapita kwa notere, kisha RCCM, daftari la usajili wa biashara, kupitia ofisi ya Guichet Unique: dola mia na kitu, sikumbuki vizuri.

Mkutano wa tatu ulikuwa katikati ya Juni, kabla miezi sita ya kupitisha hesabu haijaisha. Mwito uliandikwa «10h00 Lubumbashi, 9h00 Kinshasa, 10h00 Brisele», kwa sababu kiangazi chao Brisele hulingana na sisi, ila Machi walilingana na Kinshasa. Shemeji alitaja namba yake vizuri, halafu saa 10h40, katikati ya kura ya lori, picha yake ikaganda mdomo wazi. Nikasimamisha kura. Sheria inadai angalau sauti, isiyokatika, haidai sura. Nikampigia simu ya kawaida, nikaweka spika karibu na kompyuta ili yaya naye asikie, nikasoma azimio upya tangu neno la kwanza, tukapiga kura yote upya. Kwenye PV: ilikatika 10h40, ikarudi 10h47, kura imerudiwa. Mwanasheria wa benki aliusoma mstari huo mara mbili, akagonga muhuri wa kupokea.

Na binamu? Alijiunga kwa simu kutoka dukani kwake Kolwezi, robo saa kabla ya wote, akatuuliza mbona tunachelewa.