Akaunti ya duka ilipotekwa: nilianzia kwenye barua pepe, si Instagram

Nauza madera Instagram. Siku tapeli alipoiteka akaunti, alibadilisha nenosiri, akaweka barua pepe yake, kisha akaanza kuwaomba wateja wangu watume malipo ya awali kwa namba nisiyoijua. Cha kwanza niliweka tangazo kwenye status ya WhatsApp kwamba asilipwe mtu yeyote kupitia Instagram. Baada ya hapo nikahamia Gmail.

Kuna sababu ya kuanzia huko. Barua pepe ya akaunti ikibadilishwa, Instagram hutuma taarifa kwenye anwani ya zamani, na ndani yake mna linki ya kubatilisha mabadiliko hayo. Mimi sikuiona taarifa yoyote, nikahisi jamaa yumo hata kwenye Gmail yangu. Nikabadilisha nenosiri la Gmail, nikaondoa vifaa nisivyovitambua, halafu nikafungua mipangilio kwenye kompyuta, sehemu ya Filters and Blocked Addresses. Kweli, nikakuta kanuni inayotupa kila ujumbe wa Instagram moja kwa moja kwenye takataka. Nikaifuta, kisha nikatafuta hivi:

```
in:anywhere from:security@mail.instagram.com
```

Hilo neno la mwanzo hulazimisha utafutaji upite hadi kwenye takataka na barua taka. Taarifa ikatokea. Usikawie, maana Gmail hufuta vilivyomo kwenye takataka baada ya siku 30. Nilihakiki anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, nikabonyeza linki, anwani yangu ikarudi.

Nikaweka nenosiri jipya, lakini nilipojaribu kuingia nikadaiwa tarakimu sita. Tapeli alikuwa amewasha uthibitisho wa hatua mbili kwa simu yake! Hapo nikabonyeza Try another way, nikaomba msaada. (Aliyekwama kabisa aanzie instagram.com/hacked.) Wanauliza kama akaunti ina picha zako. Ukisema ndiyo, utajirekodi video ukigeuza uso huku na huku, wailinganishe na picha zilizomo. Akaunti yangu ina madera juu ya midoli tu, kwa hiyo nikajibu hapana, wakataka barua pepe niliyojisajilia na aina ya simu niliyotumia wakati ule. Linki ya kuingilia ikaja baadaye kwenye barua pepe.

Katikati ya haya yote walinifuata "wataalamu" wakitaka pesa ili wanirudishie akaunti. Hao ni wezi wa awamu ya pili, sikuwajibu.

Nilipoingia niliona watu wengi wangebadilisha nenosiri na kuondoka. Mimi nilifungua Accounts Center nikakuta akaunti ya mgeni imeunganishwa na yangu, na kwa mlango huo angeweza kurudi. Nikaitoa, nikaiondoa programu yake inayotoa zile tarakimu sita, nikaweka yangu, na backup codes, yaani namba za akiba za kuingilia simu isipokuwepo, nikaziandika kwenye daftari la oda.