Nati ya Marehemu Baba

Ijumaa usiku nilikanyaga maji jikoni kwa mara ya tatu wiki hii, nikaamua liwalo na liwe. Nilifungua kabati la chini ya sinki, nikatoa sufuria na ndoo ya mchele, nikamulika kwa simu. Tone moja lilikuwa linaning'inia kwenye ukingo wa nati kubwa inayolishika chujio la sinki. Likajaa, likadondoka, na jingine likaanza kujikusanya mahali palepale.

Sinki hili alilifunga Baba mwenyewe mwaka 1998, tulipohamia nyumba hii ya Ngamiani, Tanga. Tangu hapo chujio lake halijawahi kuguswa. Nyumba yetu inatumia maji ya kisima cha uani, na huku kwetu chini ni mawe ya chokaa tu. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni ameona maji yanavyoweza kujenga mawe yakiachiwa muda. Pale chini ya sinki yalikuwa yamejenga kidogo yao: nati ilikuwa imevaa ukoko mweupe, mgumu, kama wa wali uliosahaulika jikoni, hata mstari kati yake na shingo ya chujio hauonekani.

Kwa asiyewahi kuchungulia huko: chujio ni kikombe cha chuma kinachoingizwa kwenye tundu la sinki kutoka juu. Lina ukingo mpana unaokaa juu ya bati la sinki, na chini ya ukingo huo fundi huweka puti ili maji yasipenye. Shingo yake yenye meno inatokea chini. Huko inavishwa wosha ya mpira, kisha wosha ya karatasi ngumu, kisha nati kubwa inayovuta kila kitu kushuka. Bomba fupi la kwenda kwenye trapu, lile bomba lililopinda linalobakiza maji, linafungwa mwishoni kabisa. Kwa hiyo chujio limeshikwa na vitu viwili, puti juu na nati chini. Mimi nilikijua kile cha juu tu, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakiona.

Jumamosi asubuhi nikaanza kazi. Puti ile ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni, rangi yake ya kijivu kama saruji. Puti ya mabomba ni unga wa chokaa au udongo laini uliokandwa na mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani. Mafuta yakikauka kwa miaka, kinachobaki ni unga ulioshikana, na hapo ndipo maji yanapopata njia. Nikamwagia maji ya moto, nikapitisha kisu cha zamani kuzunguka ukingo, nikakikandamiza taratibu. Baada ya kama nusu saa nikasikia mlio mdogo na chujio likacheza. Nilifurahi, nikajitengenezea chai kabisa.

Nikarudi, nikalala chali ndani ya kabati, spana kubwa ya bomba mkononi. Bomba fupi nilikuwa nimeshalifungua na beseni limeshapokea maji machafu ya trapu (usiniulize harufu). Nikaikamata nati, nikazungusha kinyume cha saa. Ikazunguka! Ilizunguka kwa ulaini wa ajabu, mpaka nilipoinua macho na kuona chujio zima linazunguka nayo. Nati haikuwa imesogea hata unywele kwenye meno yake. Nikakaza mkono zaidi, na sasa hata bati la sinki likaanza kulia na kubonyea karibu na tundu. Nikaacha.

Nikampigia Mjomba, ambaye amefunga mabomba mji huu tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa ya msiba?"

Nikamweleza. Akauliza neno moja tu: "Ulianzia wapi?"

"Juu. Nimeshaitoa puti yote."

Akanyamaza kidogo. "Basi umemfukuza msaidizi wako kabla ya kazi. Ile puti ngumu ndiyo iliyokuwa inalishika chujio lisizunguke. Ungeiacha, ukahangaika na nati kwanza. Nati ikishatoka, puti unaigonga kutoka chini kwa mpini wa nyundo, inaachia yenyewe. Nakuja alasiri. Kabla sijafika, funga kitambaa chenye siki kwenye nati. Mafuta usiweke bado."

Hilo la mafuta nilimuuliza alipofika, kwa sababu mkebe wa mafuta ya kulegeza kutu nilikuwa nao tayari. Akasema siki inakula chokaa, lakini nati ikishapakwa mafuta, siki inateleza tu juu yake. Siki kwanza, kisha unasuuza, unakausha, ndipo unapuliza mafuta na kuyaachia muda yapenye. Kitambaa tulikitoa saa kumi. Ukoko ulikuwa umelainika, unatoka kwa mswaki mkuukuu, na kwa mara ya kwanza tukaiona nati ilivyo. Juu ya rangi ya fedha palikuwa na vidoti vya unga mweupe, na unga ule haukutoka kwa siki wala kwa mswaki.

Mjomba akaukwangua kwa kucha. "Hii siyo chokaa. Nati yenyewe inaoza. Shingo ni shaba, nati ni zinki ya kumiminwa. Vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja kwenye maji, mmoja unaliwa. Hapa analiwa zinki, na kinyesi chake kimejaa kwenye meno." Tukapuliza mafuta, tukaacha usiku kucha, ingawa alinitahadharisha nisitegemee sana. Mafuta hupenya penye mwanya, na unga ule ulikuwa umeziba mianya yote. Akanikataza pia kuleta moto wa gesi karibu, maana mafuta yale yanawaka, na wosha za mpira na mabomba ya plastiki yako palepale.

Jumapili tukajaribu kwa adabu kwanza. Juu, Mjomba alipitisha mishikio miwili ya plaizi kwenye matundu ya msalaba ulio chini ya kikombe cha chujio, kisha akapitisha bisibisi refu katikati ya mishikio kama mpini. Mpwa wangu akaushika kwa mikono miwili ili chujio lisizunguke. Mimi nikiwa chini nikaweka ncha ya tindo kwenye moja ya masikio ya nati na kugonga kuelekea kinyume cha saa. Hapa watu wengi hukosea. Ukilala chali ukitazama juu, kinyume cha saa ni kilekile unachokijua. Ila ukipeleka mkono kutoka mbele bila kuona, kichwa kikiwa juu ya sinki, kila kitu kinageuka, na mtu anaweza kukaza nati kwa dakika kumi akidhani anafungua.

Nikagonga mara nne. Mara ya tano sikio la nati likakatika na kunidondokea kifuani. Zinki ile haipindi, inavunjika tu. Nilidhani tumeharibu, kumbe Mjomba alikuwa anasubiri hilo hasa.

"Kama inavunjika hivyo, itapasuka. Lete jino la msumeno wa chuma."

Aliliondoa jino kwenye fremu yake, kwa sababu fremu haiingii kabatini, akazungushia upande mmoja kitambaa pawe mahali pa kushika. Nikavaa miwani ya jua ya Mama, hatukuwa na nyingine, maana unga wa chuma unaanguka moja kwa moja usoni. Tukakata nati kimshazari, kutoka ukingo wa chini kupanda juu. Unene wake haufiki sentimeta moja. Rangi ya unga ndiyo inayokuambia ulipofika: ukiwa wa kijivu bado uko kwenye zinki, ukianza kuwa wa manjano umefika shaba ya shingo. Kwetu shingo ilikuwa ya kutupwa, hivyo mkwaruzo haukutuumiza kichwa. Angetaka mtu kulirudisha chujio lilelile, angeacha kabla ya manjano. La kulinda kwa vyovyote ni bati la sinki lililo juu ya nati, kwa hiyo tuliacha wembamba kama wa kadi mwisho wa mkato, wosha zikiwa bado ziko katikati.

Ilichukua kama dakika ishirini, kwa zamu. Kisha Mjomba akaingiza bisibisi bapa kwenye mkato na kulisokota. Ka! Nati ikapasuka upande mmoja, ikafunguka kama bangili. Sikuamini kitu kilichonisumbua siku mbili kilikuwa kimeshikwa na nguvu ndogo namna ile. Ndani, meno yalikuwa yamejaa unga mweupe uliokandamizwa, mkavu kabisa. Mafuta ya usiku kucha hayakuwa yamefika hata nusu ya njia.

Chujio likasukumwa juu, likatoka. Mabaki ya puti yaliyokuwa bado kwenye sinki tuliyalainisha kwa kitambaa cha maji ya moto, tukayakwangua kwa kadi ya zamani ya benki, siyo kisu, kwa sababu bati la namna hii huchubuka na mchubuko ukipita chini ya ukingo unakuwa mfereji. Kisha mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni. Pale nilipolibonyeza bati Jumamosi, Mjomba aliweka rula juu ya tundu na mwanga ukapita chini yake. Akaweka kipande cha mbao juu, kingine chini, akagonga kidogo kidogo mpaka mwanga ukapotea. Hakusema neno, na mimi nilijishughulisha na kufuta kabati.

Tundu lilipimwa milimita 90, nikaenda kuchukua chujio jipya duka la vifaa karibu na soko la Mgandini. Puti mpya niliisokota mwenyewe viganjani, nene kama penseli, nikaizungusha chini ya ukingo mzima. Wosha ya karatasi ilikaa kati ya mpira na nati, ili nati inapozunguka isiukunje mpira. Safari hii nati ni ya shaba. Nilikaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, huku puti ya ziada ikijitokeza pande zote juu.

Tukaziba, tukajaza sinki mpaka karibu na ukingo, nikatandika gazeti kabatini. Baada ya saa nzima chini ya chujio palikuwa pakavu. Ila karibu na trapu kulikuwa na doa moja, limetoka kwenye nati ndogo ya bomba fupi. Nikaikaza kidogo kwa mkono, nikachora mstari wa kalamu kuzunguka doa, tukaenda kula.

Leo Jumatatu, kabla ya kutoka kwenda kazini, nimefungua kabati. Doa limekauka, limebaki ndani ya mstari wake.