Jua begani kushoto: nilivyoswalisha watu kuelekea Kongo

Naanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Mwaka juzi mwezi wa Desemba, kwenye kambi ya wavuvi kusini ya mji wa Kigoma, niliswalisha watu wawili kwa siku tatu tukiwa tumeelekea Uvira, kule Kongo, badala ya Makka. Si kwa bahati mbaya. Niliswalisha kwa kujiamini, sauti imenyooka, na mstari wa mawe nimeupanga mwenyewe mchangani.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Kwetu kibla hakina shida: ni kaskazini, basi. Wazee wengine Dar wakisema "upande wa kibla" wana maana ya kaskazini hiyo hiyo, na hawajakosea, kwa sababu Dar na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa juu na chini wa ramani. Ukisimama Dar ukaelekea kaskazini kamili, umekosa Al-Kaaba kwa uzi mmoja hivi wa dira. Nilikua nikiamini kwamba kaskazini na kibla ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Nilipoanza kwenda Kigoma kufuata mawese na dagaa, ilikuwa Juni. Kwenye gesti moja pale Mwanga nikakutana na mfanyabiashara mwenzangu, mtu wa safari nyingi na maneno mengi zaidi. Akanipa siri yake: "Ndugu yangu, huku usihangaike. Jua likizama ziwani liweke begani kushoto, mbele yako ndiyo kibla." Jioni ile nikajaribu, halafu nikaenda kulinganisha na mihrabu ya msikiti wa jirani. Ikakaa sawasawa! Nikamwona yule bwana ni mwanachuoni.

Simu nilikuwa nayo, lakini nilishaivunjia heshima. Dira yake ilinionyesha kibla upande wa ziwa, kesho yake ikanionyesha kilimani. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kava nililonunua kwa elfu kumi na kitu lilikuwa na sumaku ya kufungia. Nilipolivua na kuizungusha simu hewani kwa kuchora namba nane, dira ikatulia. Ila wakati ule nilisema tu kwamba simu za siku hizi ni takataka, nikabaki na jua langu.

Sasa Desemba. Nilikwenda kambini kusubiri mzigo, boti ikachelewa, mvua juu ya mvua. Pale kulikuwa na vijana wawili wa Kasulu waliokuja kutafuta kibarua, Waislamu, wapole. Waliniuliza kibla kiko wapi. Mtu wa Dar angesema hajui? Jioni ya kwanza mawingu yakafunguka kidogo upande wa ziwa, jua likazama mbele ya macho yetu, nikaliweka begani kushoto, nikapanga mawe. Kuanzia hapo kila swala tulifuata mawe yale.

Siku ya tatu akaja mzee mwenye mtumbwi, alikuwa kwa mwanawe Ujiji. Alitukuta tumeshaswali alasiri. Akatazama mawe, akatazama ziwa, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hapa mnamswalia nani, mtu wa Uvira?" Vijana wakaangalia chini. Mimi nikaanza kujitetea kwa habari ya jua na bega.

Mzee hakubishana. Alisubiri usiku. Kwenye saa mbili, mawingu yalipopasuka upande wa milimani, akanionyesha nyota tatu zilizopangana kwenye mstari mfupi, zile ambazo kila mtu amewahi kuziona. "Hizi zinachomoza mashariki yenyewe, mwaka mzima. Jua halina msimamo huo." Akaniambia nizipe bega la kulia. Nilipofanya hivyo nikawa nimeelekea kaskazini, na mawe yangu yakawa mbali kushoto kwangu. Aibu niliyoiona pale sitaieleza.

Ujanja wa yule bwana ulivunjika hivi. Jua halizami mahali pamoja. Mwezi wa Juni linazama nyuzi 23 hivi kaskazini ya magharibi, na Desemba nyuzi 23 kusini ya magharibi. Ukiliweka begani Juni, uso wako unaangukia nyuzi 23 kulia kwa kaskazini. Kibla cha Kigoma kiko nyuzi 20 na nusu kulia kwa kaskazini. Kwa hiyo Juni ujanja unakubali, tena kwa usahihi wa kushangaza, ila ni kwa bahati tu. Desemba bega lile lile linakutupa nyuzi 23 kushoto kwa kaskazini. Jumlisha: nilikosea kwa nyuzi 44, karibu nusu ya pembe mraba. Mbaya zaidi ni kwamba mtu anajaribu mara moja, anakuta sawa na msikiti, anafunga mjadala.

Na ndipo nilipojua kwamba hata kaskazini yangu ya Temeke isingenitosha. Kibla si upande wa dunia, ni mahali. Ukihama kwenda magharibi, Makka inabaki pale pale ilipo, kwa hiyo uso wako lazima ugeuke kulia kuifuata. Tabora ni nyuzi 14 hivi, Kigoma 20.

Kambini palikuwa na mama mmoja Mkatoliki anayenunua dagaa, aliyekuwa akitutazama siku zote tatu. Akauliza swali ambalo ni la haki kabisa: "Baba, kwani Mungu wenu hasikii mkiangalia upande mwingine?" Nikamjibu kwamba anasikia. Qurani yenyewe, Sura ya Baqara aya ya 115, inasema mashariki na magharibi ni za Mwenyezi Mungu. Hata mwelekeo wenyewe ulibadilishwa: Mtume alipohamia Madina, Waislamu waliswali kuelekea Baitul-Maqdis, yaani Yerusalemu, kwa miezi 16 au 17, kisha ikashuka aya ya 144 ya sura hiyo hiyo ikiwaamuru wageukie Msikiti Mtakatifu wa Makka. Hatuliabudu jengo. Aliyeingia ndani ya Al-Kaaba anaswali akielekea ukuta wowote autakao. Tunaelekea kwa sababu tumeamriwa, na amri hiyo ndiyo inayofanya safu iwe safu. Mtu wa Uturuki anaelekea kusini, wa Moroko mashariki, sisi kaskazini, na wote tumezunguka sehemu moja kama watu waliokaa kuzunguka moto. Mama akacheka, akasema, "Kumbe ninyi watatu mlitoka nje ya duara." Sikuwa na jibu.

Niliporudi mjini nikamwendea sheikh wa mtaani. Akaniambia kaskazini kamili ingekuwa na mjadala, kwa sababu wanachuoni wengi wanatosheka na upande wa jumla. Kuna hadithi kwa Tirmidhi kwamba baina ya mashariki na magharibi ni kibla, na hilo ni kwa watu wa Madina, ambao Makka iko kusini kwao. Lakini kwa madhehebu ya Shafii, tunayoifuata wengi huku, ukiyakinisha kwamba umekosea unarudia. Nikamwambia nimesikia kwamba kwa Hanafi aliyejitahidi harudii. Akanitazama. "Wewe ulijitahidi, au ulikariri?" Nikalipa swala zote. Wale vijana wa Kasulu niliwatafuta kwa simu, nikawaambia nao, na kumwambia mtu jambo kama hilo si kazi nyepesi.

Hapo nikataka kupata kibla kwa mkono wangu, bila bega la mtu. Kuna siku mbili kwa mwaka ambazo jua linapita juu kabisa ya Al-Kaaba: tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa 6:27 mchana. Mwaka mrefu, ule wa Februari yenye siku 29, zinaweza kutangulia kwa siku moja. Saa hizo ni za Makka, na saa ya Makka ni sawa na ya Tanzania, hakuna cha kujumlisha. Dakika ile, kila anayeliona jua duniani analiona upande wa Makka.

Mei iliyofuata nilikuwa Kigoma, mvua zimeshakatika, mbingu safi. Kwenye baraza la saruji la mama mwenye nyumba nilisimamisha fimbo ya mita moja ndani ya ndoo ya mchanga. Fimbo ikilala kidogo, kivuli nacho kinapinda, kwa hiyo nilitumia timazi: uzi na jiwe dogo, nikainyoosha pande mbili. Saa nilitumia ya simu, inayojirekebisha kwa mtandao, maana dakika tano zikikupita unakosea kwa nyuzi mbili na ushee. Siku ndiyo haina ukali huo; jana yake au kesho yake tofauti huioni.

Majirani wakajaa. Saa 6:18 ilipofika, Makka jua liko utosini na adhuhuri inaingia, lakini kwetu bado kama dakika arobaini, jua limeinama upande wa kaskazini mashariki. Kivuli kililala kuelekea kusini magharibi, urefu wake kama nusu mita. Nikachora mstari wa chaki kutoka ncha ya kivuli hadi kwenye shina la fimbo. Ukisimama kwenye ncha ukatazama shina, umeelekea Makka. Watu wengi hukosea hapa, wanafuata kivuli kinakoelekea, na hapo unakuwa umeipa Makka mgongo. Nikaweka simu juu ya mstari, bila kava: nyuzi 20.

Kwa safari fimbo haibebeki, kwa hiyo natumia ngumi. Nyoosha mkono mbele kabisa, kunja ngumi: upana wake ni nyuzi kumi hivi. Nikiwa Kigoma natafuta kaskazini, kwa dira iliyo mbali na chuma au kwa zile nyota tatu zikiwa bado upande wa mashariki, kisha napima ngumi mbili kuelekea kulia. Tabora ngumi moja na nusu. Ndani ya treni usiamini dira, behewa lote ni chuma. Nashuka stesheni, nasogea mbali na reli, napima.

Yule bwana wa bega alinipigia mwaka huu akiwa Tabora. Nikamweleza yote, sikumhurumia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ngumi za nani sasa? Zangu ndogo." Nikamwambia mwenye ngumi ndogo ana mkono mfupi pia, ngumi inakuwa karibu na jicho, hesabu inarudi pale pale. Akasema ngoja ajaribu.