Jinsi nilivyopunguza gharama ya chakula chenye nyuzinyuzi kwa watu 5

Maharagwe yalikuwa yanamaliza gesi na kujaza watu matumbo. Suluhisho ni kuyapika mara 2 tu kwa wiki, nusu kilo kila mara, Jumapili na Jumatano. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, kisha uyachemshe kwa maji mapya. Dakika 10 za kwanza moto uwe mkali, maana maharagwe mekundu yasipochemka sawasawa huleta kutapika. Chumvi na nyanya zingoje yaive. Nyanya ikitangulia, ganda hubaki gumu.

Nusu ya kwanza huliwa jioni ile kwa ugali, nyingine kesho yake na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Bila friji, pika ya kuliwa jioni ile tu. Ukiona povu au utelezi, mwaga.

Jumanne, Ijumaa na Jumamosi ni zamu ya sukuma wiki, managu au kunde, pamoja na ndengu au omena kidogo.

Unga ni ule wa posho mill, mahindi yasiyokobolewa. Wiki ya kwanza changanya kikombe 1 chake na vikombe 3 vya unga mweupe, wiki ya pili nusu kwa nusu. Ukirukia wote mara moja, tumbo litajaa gesi, na maji yakipungua choo kitakuwa kigumu. Nunua wa wiki 2 pekee: kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga huo huchacha upesi na kuwa mchungu.